Makato ya kutoa pesa kwa wakala yasipolingana na bango: namna ya kutafuta chanzo cha tofauti

Malalamiko haya husikika karibu kila siku kwenye vibanda vya mawakala wa Dodoma, kuanzia Soko la Majengo mjini hadi Kibaigwa kwenye soko la mahindi. Mteja amesoma kwenye bango kwamba kutoa kiasi fulani kuna ada fulani, ametoa, kisha ujumbe umeingia na salio lililobaki ni dogo kuliko alivyopiga hesabu. Anamgeukia wakala, wakala anasema mfumo ndio uliokata, na mazungumzo yanaishia hapo kwa sababu hakuna kati yao aliyetenganisha fedha iliyokatwa katika sehemu zake.

Jambo la kufahamu kabla ya yote ni kwamba ada ya kutoa haipiti mkononi mwa wakala. Mteja anapoweka namba ya wakala, kiasi na namba yake ya siri, mfumo wa mtandao hukata ada moja kwa moja kwenye akaunti ya mteja, na kamisheni ya wakala hulipwa na kampuni kwa utaratibu wao wenyewe. Kwa hiyo wakala hawezi kuandika ada ya 5,000 pale ambapo mfumo umepangiwa 3,600. Hata hivyo, yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wake: aina ya muamala anayokuelekeza kuufanya, idadi ya miamala, na noti anazokuhesabia. Tofauti isiyotokana na hayo matatu imetoka kwenye jedwali ulilosoma au kwenye akaunti yako mwenyewe, na kumgombeza wakala hakutakusaidia kuiona.

Kwanza pata makato halisi

Watu wengi huanza kwa kulinganisha bango na mstari mmoja wa ujumbe, ule ulioandikwa makato au ada. Mstari huo peke yake hautoshi, kwa kuwa fedha inaweza kuwa imekatwa kwa majina zaidi ya moja, au katika jumbe mbili tofauti. Namba ya kuaminika zaidi ni ile inayopatikana kwa kutoa:

```
makato yote = salio la mwanzo - kiasi ulichotoa - salio jipya
```

Salio jipya liko kwenye ujumbe wa uthibitisho. Salio la mwanzo utalipata kwenye ujumbe wa muamala uliotangulia, na kama umeufuta, fungua menyu ya mtandao wako uombe taarifa fupi ya miamala ya karibuni. Menyu hizo ni `*150*00#` kwa M-Pesa, `*150*01#` kwa Mixx by Yas, ambayo wengi bado wanaiita Tigo Pesa, `*150*60#` kwa Airtel Money na `*150*88#` kwa HaloPesa. Wenye simu janja wanaweza kuisoma taarifa hiyo kwenye programu ya mtandao, ambako muamala mmoja mmoja huonekana na saa yake.

Ukishapata makato yote, usiyalinganishe bado na bango. Soma kwanza ujumbe wenyewe na kuuliza maswali mawili: je, unasema nimetoa pesa kwa wakala, au unasema nimetuma, au nimelipa? Na je, ujumbe ni mmoja au jumbe ni mbili? Majibu ya maswali hayo mawili yatakuonyesha uende sehemu ipi kati ya zinazofuata.

Ujumbe ni mmoja, unasema umetoa, lakini makato yamezidi bango

Chanzo kinachotokea mara nyingi kuliko vingine vyote ni tozo ya Serikali. Ada ni malipo ya kampuni kwa huduma yake. Tozo ni fedha ya Serikali inayokusanywa na kampuni hiyo hiyo kwa wakati huo huo. Mabango mengine yana safu mbili, moja ya ada na nyingine ya tozo, mengine yana jumla peke yake, na mengine, hasa yale madogo yaliyochapishwa kwenye karatasi ya kawaida na kubandikwa kwa gundi, yana ada tu. Mteja anayesoma bango la aina hii ya mwisho atakuta tofauti kila mara anapotoa, na tofauti hiyo italingana sawasawa na mstari wa tozo kwenye ujumbe wake. Ikiwa italingana, umepata jibu, na hakuna fedha ya kurudishiwa. Kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa kwa kawaida vimo ndani ya ada iliyotangazwa, kwa hiyo usiviongeze tena juu yake.

Chanzo cha pili kinafanana na cha kwanza na mara nyingi huambatana nacho: bango ni la zamani. Tozo ilianza kukatwa Julai 2021, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo huo, ikapunguzwa tena Julai 2022, ikafanyiwa mabadiliko mengine Oktoba 2022, na kuanzia Julai 2023 ikaondolewa kwenye kutuma huku ikiendelea kwenye kutoa. Kampuni nazo hubadilisha ada zao kwa nyakati zao. Kila badiliko lilihitaji karatasi mpya, na karatasi mpya haikufika kila mahali. Kwenye barabara za vumbi za wilayani utakuta bango lililopauka kwa jua hadi tarakimu za safu ya mwisho hazisomeki, lakini mteja bado analitegemea kwa sababu ndilo lililopo. Tafuta tarehe ya kuanza kutumika, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo pembeni au chini kabisa. Bango lisilo na tarehe lisikuamulie ugomvi. Chukua jedwali la sasa kwenye tovuti ya kampuni, au piga namba 100 kwa huduma kwa wateja na uwaulize ada na tozo ya kiasi chako kimoja tu, kwa mfano shilingi 150,000, badala ya kuomba wakusomee jedwali zima.

Chanzo cha tatu ni kusoma safu isiyo yenyewe. Jedwali la ada lina safu ya kutuma kwa mteja wa mtandao uleule, safu ya kutuma kwenda mitandao mingine au benki, na safu ya kutoa kwa wakala, na mengine yana safu ya kutoa kwenye mashine ya benki pia. Tarakimu za kutuma ni ndogo kuliko za kutoa, na safu zake hutangulia, kwa hiyo jicho linalotafuta kiasi upande wa kushoto hukutana nazo kwanza. Ukiona makato yako yamezidi sana, si kwa mia chache, rudi kwenye bango ufuate mstari wako kwa kidole hadi safu ya kutoa.

Chanzo cha nne kiko kwenye mipaka ya ngazi. Ada haipandi shilingi kwa shilingi. Hupanda kwa ngazi, na anayetoa kiasi cha mwanzo wa ngazi hulipa sawa na anayetoa kiasi cha mwisho wake. Jedwali likiwa na ngazi ya 50,000 hadi 99,999 na nyingine ya 100,000 hadi 199,999, basi anayetoa 100,000 kamili yuko kwenye ngazi ya juu, hata kama kwa mazoea anajihesabu kuwa wa mwisho kwenye ile ya chini. Ngazi za tozo nazo zinaweza kukatika mahali tofauti na ngazi za ada, kwa hiyo zisome kila moja kivyake.

Jumbe ni mbili

Wakala anayehudumia watu wengi wanaotoa hubaki na floti nyingi kwenye simu na keshi kidogo kwenye droo. Hali hii huzidi msimu wa mavuno, wakati wanunuzi wanawalipa wakulima kwa simu na wakulima wote wanataka noti siku ile ile. Hapo wakala humwambia mteja, «Mama, toa kwanza laki mbili, hiyo nyingine utatoa akija mtu wa kuweka.» Ni ombi la kawaida na mara nyingi halina hila ndani yake. Lakini kwa kuwa ada inakatwa kwa kila muamala, kiasi kilichogawanywa mara mbili hulipiwa ada mbili na tozo mbili, na jumla yake karibu kila wakati ni kubwa kuliko ya muamala mmoja.

Hii ndiyo sehemu ambayo mteja hupoteza fedha nyingi bila yeyote kuvunja masharti ya mfumo. Kila muamala ameuthibitisha mwenyewe kwa namba yake ya siri, kila ujumbe una ada sahihi ya kiasi chake, na kampuni ikipigiwa simu itaeleza kwamba haioni kosa. Nafasi ya kuzuia hasara hii ni kabla ya namba ya siri kuwekwa. Muulize wakala ana keshi kiasi gani kabla hujafungua menyu. Ikiwa haitoshi, linganisha gharama ya kugawa na ya kwenda kibanda kingine, na kama hakuna kibanda kingine karibu, toa leo kile unachokihitaji leo na uache kingine kwenye simu mpaka kesho. Wakala anayesisitiza kugawa wakati keshi unaiona ipo anafanya jambo lingine, na hilo linafaa kuripotiwa, kwa kuwa huenda anatafuta miamala mingi kwa ajili ya kamisheni.

Ujumbe hausemi umetoa

Soma kitenzi cha ujumbe wako. Muamala wa kutoa kwa wakala utataja kutoa, jina la wakala na namba yake. Ukikuta ujumbe unasema umetuma kwa mtu, maana yake wakala alikupa namba ya simu badala ya namba ya wakala, nawe ukatuma kama unavyomtumia ndugu. Ada iliyokatwa kwenye akaunti yako ni ya kutuma, na kwa kuwa kampuni haimlipi yeye kamisheni yoyote kwa muamala wa namna hiyo, atajilipa kwa kupunguza noti anazokupa. Ukijumlisha viwili hivyo unaweza kukuta umelipa zaidi ya ada ya kutoa, au wakati mwingine pungufu kidogo, lakini umepoteza kitu kikubwa zaidi ya tofauti hiyo: mbele ya kampuni wewe ulimtumia mtu binafsi fedha kwa hiari yako, na ushahidi kwamba ulipaswa kupewa keshi haupo.

Ujumbe ukisema umelipa, basi ulitumia lipa namba ya duka. Wenye maduka wengi mjini huombwa na wateja wapokee malipo kwa lipa namba kisha wawape keshi, na hukata chochote wanachoona kinafaa. Ada ya muamala huu imo kwenye jedwali la malipo ya biashara, kwa hiyo bango la kutoa kwa wakala haliwezi kuieleza. Iwapo makubaliano yalikuwa wazi na kiasi kilitajwa kabla, hilo ni jambo lenu wawili. Ila usilipeleke kwa huduma kwa wateja kama ada ya wakala iliyokosewa, kwani watakuambia kwa haki kwamba hukutoa pesa kwa wakala.

Liko pia suala la wakala wa benki. Mtu yule yule, kwenye meza ile ile, anaweza kuwa na simu za mitandao mitatu pamoja na mashine ya benki. Fedha ikitoka kwenye akaunti yako ya benki kupitia mashine hiyo, inayohusika ni orodha ya ada za benki, na bango la mtandao wa simu lililobandikwa ukutani halihusiki hata kidogo. Ujumbe utaingia kwa jina la benki, na hapo utajua.

Ujumbe ni sahihi, noti ni pungufu

Hapa hesabu ya salio inakubali kila shilingi: ada ni ya jedwali, tozo ni ya jedwali, muamala ni mmoja. Lakini umetoa 50,000 na umekabidhiwa 49,000, au umekabidhiwa zote na kuombwa elfu moja ya usumbufu. Wakala atataja sababu: keshi ameifuata mbali, nauli ya bodaboda kwenda benki imepanda, au kamisheni ni ndogo. Sababu hizo zina ukweli ndani yake, na yeyote aliyeona wakala wa kijijini akisafiri na mkoba wa fedha anajua hatari anayoibeba. Lakini gharama hizo ni za kuzungumzwa kati yake na kampuni iliyompa namba. Mteja amekwisha kulipa huduma hiyo pale ada ilipokatwa kwenye simu yake, na kiasi anachodaiwa mkononi ni ada ya pili isiyo kwenye jedwali lolote.

Ugumu wa tatizo hili ni kwamba halionekani popote kwenye mfumo. Kwa hiyo ushahidi utengenezwe pale pale: hesabu noti mbele ya wakala kabla ya kuondoka kwenye kibanda, sema kwa sauti kiasi ulichopokea, na kama ana daftari la miamala, usitie saini mbele ya 50,000 ikiwa umepokea 49,000. Andika kiasi ulichopokea hasa. Ukikataa kwa utulivu kulipa nyongeza, mara nyingi itaachwa, hasa ukisema, «Kaka, makato nimeshakatwa kwenye simu, hii nyingine ni ya nini?» na kumwonyesha mstari wa makato.

Salio limepungua kwa sababu ya deni

Chanzo hiki huwachanganya hata watu makini. Huduma za kukopeshwa fedha ya kukamilisha muamala, kama vile Songesha ya M-Pesa, hujirejesha zenyewe mara fedha inapoingia kwenye akaunti. Mteja aliyekamilishiwa muamala wiki iliyopita, kisha akatumiwa fedha leo na kwenda kutoa papo hapo, huhesabu salio lake la mwanzo kwa kujumlisha alichokuwa nacho na alichotumiwa. Deni limekwisha kukatwa katikati pamoja na gharama zake, na upungufu wote anauona wakati wa kutoa. Taarifa fupi ya miamala itaonyesha makato ya deni yakiwa na saa yake, kabla ya saa ya kutoa. Ndiyo maana salio la mwanzo katika hesabu yetu lisomwe kwenye ujumbe uliotangulia kutoa moja kwa moja, na kamwe lisitoke kichwani.

Mfano mmoja, hadi shilingi ya mwisho

Tuchukue mkulima wa zabibu wa Hombolo aliyelipwa kwa simu na anayetaka 300,000 za kuwalipa vibarua. Tarakimu za ada na tozo hapa ni za mfano tu. Weka za mtandao wako mahali pake. Salio lake kabla ya kutoa ni 412,350. Bango la kibandani lina safu ya ada pekee, na linaonyesha kwamba kutoa 300,000 ni 6,500. Anatarajia kubaki na 105,850.

Wakala ana keshi ya 200,000 tu. Mkulima anatoa hiyo, anasubiri kwenye benchi, na baada ya mteja mwingine kuweka fedha anatoa 100,000. Wakala anamwomba 2,000 «ya kusumbuka», naye anampa. Akifika nyumbani anasoma salio: 102,750. Kwa hesabu yake zimepotea 3,100 kwenye simu na 2,000 mkononi, na kwa hasira anasema wakala amemwibia 5,100.

Tufanye hesabu. Makato yote ni 412,350 kutoa 300,000 kutoa 102,750, yaani 9,600. Jumbe ni mbili na zote zinasema ametoa. Ule wa 200,000 una ada ya 5,000 na tozo ya 600; ule wa 100,000 una ada ya 3,600 na tozo ya 400. Jumla ya ada ni 8,600 na jumla ya tozo ni 1,000, nazo pamoja ni 9,600. Hakuna shilingi isiyo na jina, kwa hiyo deni halipo na mfumo haukukosea.

Sasa ile tofauti ya 3,100 inagawanyika yenyewe. Shilingi 1,000 ni tozo, ambayo bango halikuionyesha. Shilingi 2,100 zilizobaki ni tofauti kati ya ada mbili alizolipa, 8,600, na ada moja ya 6,500 ambayo angelipa kwa muamala mmoja. Tukidhani tozo ya 300,000 kwa muamala mmoja ni 800, angekatwa 7,300 kwa jumla, kwa hiyo kugawa peke yake kumemgharimu 2,300: zile 2,100 za ada na 200 za tozo. Shilingi 2,000 za mkononi hazimo katika hesabu hii kabisa, kwa sababu hazikupita kwenye simu.

Kwa hiyo, katika ile 5,100, anachoweza kukidai kwa haki ni 2,000 alizotozwa nje ya mfumo. Anaweza kulalamikia bango lisilo na safu ya tozo ili libadilishwe, lakini hatarudishiwa tozo. Ada ya ziada iliyotokana na kugawa ameikubali kwa namba yake ya siri, na keshi kweli haikutosha. Akipiga simu akisema ameibiwa 5,100, mhudumu atafungua miamala, ataiona yote iko sawa, na lalamiko lake litafungwa pamoja na ile 2,000 iliyokuwa halali kulalamikiwa. Akisema, «Wakala mwenye namba hii alinitoza 2,000 taslimu juu ya ada, tarehe na saa hii, kumbukumbu za miamala ni hizi mbili,» atakuwa amempa mhudumu jambo la kufuatilia.

Pale aliyetuma ndiye aliyekosea hesabu

Dalili ya aina yake ni kwamba muamala hauendi kabisa, simu inajibu kuwa salio halitoshi. Kijana yuko Dar es Salaam, amemtumia mama yake aliye Mpwapwa 50,000 pamoja na ya kutolea, na ya kutolea ameisoma kwenye safu ya ada bila tozo, au kwenye picha ya jedwali aliyoihifadhi kwenye simu tangu mwaka juzi. Mama akijaribu kutoa 50,000 kamili, mfumo unahitaji 50,000, ada na tozo vyote viwe kwenye akaunti kwa pamoja, na pungufu ya hata shilingi 50 inatosha kuuzuia. Hapo ndipo wakala anapojitolea kusaidia kwa kusema, «Mama, tuma tu kwenye namba yangu,» na tatizo la kwanza linazaa lile la ujumbe usiosema umetoa. Njia salama ni kutoa 49,000 na kuacha zilizobaki, au kumpigia kijana aongeze upungufu. Anayetuma naye ajue kwamba ya kutolea inahesabiwa kwa jedwali la mtandao wa anayepokea, kwa kuwa ndiko fedha itakakotolewa. Jedwali la mtandao wake mwenyewe halimsaidii kama wako mitandao tofauti.

Kupeleka lalamiko

Ukishajua chanzo na kuona kweli kuna fedha ya kudai, anza na kampuni yenyewe kwa namba 100 au kwenye duka lake la huduma mjini. Uwe na kumbukumbu namba ya muamala, namba ya wakala na jina lililotokea kwenye ujumbe, kiasi, saa, salio la kabla na la baada, na kiasi ulichopokea mkononi. Omba namba ya lalamiko na uiandike pamoja na tarehe. Bila hiyo, kila simu utakayopiga itakuwa ya kwanza. Usitaje namba yako ya siri kwa yeyote, hata akisema anaihitaji ili akurudishie fedha, na usirudishe simu kwa mtu anayekupigia kwa namba ya kawaida akidai anatoka huduma kwa wateja kuhusu lalamiko lako.

Kampuni isipojibu, au ikijibu bila kugusa ulichouliza, hatua inayofuata ni Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia huduma za fedha kwa simu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na ambayo makao makuu yake yako Dodoma. Barua iwe fupi: ukurasa mmoja wenye hesabu ya makato kama ile ya mkulima wa Hombolo, nakala za jumbe, namba ya lalamiko uliyopewa na kampuni, na sentensi moja inayotaja kiasi kamili unachodai. Kiasi hicho kiwe ni kile tu ambacho hesabu yako imeshindwa kukipa jina la ada, tozo au deni, au kile ulichotozwa mkononi.